Deni lile lile, samaki wachache, na bado halilipiki

Mhariri,

Huku kwetu Malindi imezoeleka kauli kwamba bei zikipanda, mwenye mkopo wa riba isiyobadilika amepata nafuu, kwa sababu analipa deni la zamani kwa pesa zilizopungua thamani. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini nimeona wavuvi wakichukua mikopo wakiitegemea, nami naona inawapotosha.

Chukua mvuvi aliyekopa Sh300,000 za mashine ya boti kutoka chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, alipe kwa miezi 36. Kila mwezi atatoa Sh9,964, mwanzo hadi mwisho. Samaki wakiwa Sh350 kwa kilo, rejesho hilo ni kilo 28 na ushei. Bei ikifika Sh420, ni chini ya kilo 24. Hapo kweli deni limepungua.

Lakini mvuvi halipi kwa mauzo, analipa kwa kinachobaki. Tuseme anauza kilo 200 kwa mwezi, yaani Sh70,000. Petroli na barafu zinakula Sh35,000, na nyumbani panatumika Sh22,000. Anabaki na Sh13,000, analipa na kusaza. Sasa samaki wapande kwa asilimia 20, auze Sh84,000, lakini petroli na barafu zipande kwa asilimia 40, zifike Sh49,000. Mkononi ni Sh35,000 zile zile. Unga, mchele na mafuta ya kupikia vikipandisha matumizi ya nyumbani hadi Sh26,000, amebakiwa na Sh9,000. Rejesho limemshinda, na riba haijasogea hata kidogo. Na hapo sijagusa miezi ya kusi, bahari inapochafuka na boti zikalala ufuoni.

Kwa hiyo nafuu humfikia yule tu ambaye pato lake, baada ya gharama, linapanda pamoja na bei. Mwalimu ambaye mshahara wake haujaongezwa haipati kabisa.

Tena mfumuko wa bei haukai juu daima. Oktoba 2022 ulifika asilimia 9.6 nchini, Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Aliyejifunga kwa asilimia 12 wakati ule, akitarajia bei ziendelee kumpunguzia mzigo, alijikuta riba yake halisi, yaani riba ukitoa mfumuko wa bei, imetoka kama asilimia 2 hadi zaidi ya 9.

Naomba kamati za mikopo zinazohudumia wavuvi wa Mayungu na Ngomeni ziache kupima uwezo wa mkopaji kwa mauzo yake. Fomu iulize anatumia lita ngapi kwa mwezi, kisha hesabu irudiwe kwa petroli iliyopanda kwa theluthi moja. Rejesho likishindikana hapo, apewe mkopo mdogo au muda mrefu zaidi, kabla hajatia saini.

Mweka hazina wa kikundi cha wavuvi,
Mayungu, Malindi