Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mitihani ya Majaribio: meza haimo katika sentensi hiyo

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo.

YAH: SWALI LA 4(b), KITABU JUU YA MEZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Safari hii sitaanza kwa kukuulizia afya na familia. Barua zangu mbili zilizotangulia ziliuliza na hazikujibiwa, nikahisi huenda salamu ndizo zilizokuchosha.

Jumanne karatasi za mtihani wa majaribio zilirudi shuleni. Saa nne, wakati wa chai, binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu na karatasi yake mkononi. Hakuingia. Alisema tu, "Mwalimu, nimekosa wapi?" Nikaisoma nikiwa nimesimama, kikombe kikapoa.

Swali, kwa Kiswahili chetu, lilikuwa hivi: kitabu chenye uzito wa nyutoni 20 kimetulia juu ya meza, taja riakisheni ya uzito wa kitabu hicho, kisha eleza kwa nini kitabu hakisogei. Binti aliandika kwamba riakisheni ya uzito ni kani ambayo kitabu kinaivuta Dunia kwenda juu, nyutoni 20. Kuhusu kutulia kwake akaandika kwamba meza inakisukuma kitabu juu kwa nyutoni 20 huku Dunia ikikivuta chini kwa nyutoni 20. Amepata sifuri kati ya alama 4, kwa alama nyekundu ya kosa iliyotoboa karatasi. Mwongozo wenu wa usahihishaji, ambao ninao hapa mezani, unasema riakisheni ya uzito ni kani ya meza, na kitabu hakisogei kwa sababu "ekisheni na riakisheni hufutana".

Ndugu Mwenyekiti, binti amepatia kila neno. Mwongozo ndio uliokosea, na umekosea mara mbili ndani ya mstari mmoja.

Naomba nikukumbushe kwamba jambo hili si geni kwako. Mwaka juzi, kwenye kikao cha walimu wa fizikia, nilisimama nikalisema hili hili kwa swali la namna hii hii. Ulikuwa unamimina maji kwenye bilauri. Ukasema, "Mwalimu, hilo limechukuliwa." Tukapiga makofi. Sijui lilichukuliwa likapelekwa wapi.

Basi nianze upya, taratibu, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu 93 wanaokaa watatu watatu kwenye dawati.

Sheria ya tatu ya Newton, kwamba kila ekisheni ina riakisheni iliyo sawa nayo na kinyume chake, haizungumzii kitu kimoja. Inazungumzia vitu viwili na wanachofanyiana. Newton mwenyewe, alipoichapisha mwaka 1687, aliifafanua kwa mifano ambayo hata bibi yangu angeielewa: ukilibonyeza jiwe kwa kidole, kidole nacho kinabonyezwa na jiwe, farasi akilivuta jiwe lililofungwa kamba, naye anavutwa nyuma kuelekea jiwe. Kani moja iko kwenye jiwe, nyingine iko kwenye kidole. Hakuna mahali zinapokutana ili zifutane. Mtu akinipa mimi shilingi 1,000 na mwingine akamnyang'anya jirani yangu shilingi 1,000, huwezi kusema mfuko wangu haukubadilika.

Ili kuipata kani mwenza, mimi huwaambia wanafunzi watunge sentensi kisha waigeuze. "Dunia inakivuta kitabu." Igeuze: "Kitabu kinaivuta Dunia." Kazi imekwisha. Sasa nionyeshe, Ndugu Mwenyekiti, meza iko wapi katika sentensi hiyo. Haimo. Meza ina sentensi yake: "Meza inakisukuma kitabu," na mwenza wake ni "Kitabu kinaisukuma meza." Hapo kuna jozi mbili, si moja. Tena ni za asili tofauti. Ya kwanza ni mvuto, ambao ungekuwepo hata kitabu kikiwa hewani kinaanguka. Ya pili ni ya kugusana, na inakufa papo hapo ukiiondoa meza. Kani mbili za jozi moja daima ni za aina moja, huzaliwa pamoja na kufa pamoja. Uzito na kani ya meza havina undugu huo.

Najua mtakachosema: mbona zote mbili ni nyutoni 20, tena kinyume? Ndiyo, kwa siku hiyo, kwa sababu kitabu kimetulia. Hiyo ni kazi ya sheria ya kwanza na ya pili, zinazoangalia kani zote juu ya kitu kimoja, si ya tatu. Na kuna njia rahisi ya kuzitenganisha. Nilinunua kwa hela yangu mizani ndogo ya sahani, ile ya saa ambayo wauza unga wanapimia, baada ya maombi yangu ya vifaa vya maabara kuzeeka kwenye faili. Niliweka kitabu cha kilo 2, nikaishika mizani kwa mikono miwili, nikainyanyua ghafla. Sindano iliruka ikapita 2. Nilipoishusha ghafla, ikarudi chini ya 2. Darasa lote liliona, hata wale wa nyuma waliopanda juu ya dawati.

Chukua mfano wa lifti inayoanza kupanda, kasi yake ikiongezeka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Kitabu cha kilo 2 kinahitaji nyutoni 4 za ziada ili kipande nayo. Kwa hiyo sakafu inakisukuma juu kwa nyutoni 24, huku uzito ukibaki nyutoni 20. Kama sakafu na uzito vingekuwa ekisheni na riakisheni, visingetofautiana hata kwa nukta, maana jozi ya sheria ya tatu ni sawa wakati wote: kwenye lifti, kwenye lori, kwenye kitu kinachoanguka. Jozi za kweli ziangalie hapo hapo: kitabu kinaikandamiza sakafu kwa nyutoni 24, na kitabu kinaivuta Dunia kwa nyutoni 20. Zimebaki sawa kama kawaida yake.

Na hiyo Dunia inayovutwa kwa nyutoni 20, kwa nini haitikisiki? Msahihishaji mmoja aliniuliza hivyo kwa kejeli. Kwa sababu tungamo lake ni kama kilo 6 ikifuatiwa na sifuri 24. Gawanya 20 kwa namba hiyo uone kinachobaki. Kani ni sawa. Matokeo si sawa.

Sasa hilo neno "hufutana". Hili ndilo linaloniondolea usingizi, kwa sababu mtoto akilimeza, anamaliza shule akiamini kitu kisichowezekana. Kama ekisheni na riakisheni zingefutana, hakuna kitu duniani ambacho kingeanza kusogea. Hata gari la ofisi yako lingebaki kwenye maegesho.

Chukua punda na mkokoteni wa maji, kama ule unaopita mbele ya shule yetu tangu bomba likauke. Tuseme punda ana kilo 160, mkokoteni na madumu yake kilo 240. Punda anauvuta mkokoteni kwa nyutoni 200, na mkokoteni unamvuta punda nyuma kwa nyutoni 200 zile zile. Mwanafunzi wa mwongozo wenu anaishia hapo, anazifuta, anaandika "hausogei". Lakini uulize mkokoteni peke yake unapata nini: nyutoni 200 mbele kutoka kwa punda, na tuseme nyutoni 80 nyuma kutokana na ugumu wa magurudumu na barabara. Zinabaki 120 kwa kilo 240, nao unaongeza kasi kwa nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Kisha muulize punda peke yake. Mkokoteni unamvuta nyuma kwa 200. Yeye anaisukuma ardhi nyuma kwa kwato, nayo ardhi inamsukuma mbele kwa 280. Zinabaki 80 kwa kilo 160, nusu mita ile ile. Lazima ilingane, maana wamefungwa kamba moja. Mwagia mafuta chini ya kwato hizo na punda atateleza, ingawa sheria ya tatu haijabadilika hata kidogo.

Kuna mahali pamoja tu ambapo jozi hizi hutoweka kwenye hesabu, na nalisema ili nisionekane naficha. Ukimhesabu punda na mkokoteni kama mwili mmoja, zile 200 na 200 zinakuwa mambo ya ndani, hazichangii mwendo wa wote wawili: 280 toa 80, zinabaki 200 kwa kilo 400, jibu lile lile. Ndiyo maana abiria hawezi kulisukuma daladala lililozima akiwa ameketi ndani, hata akikandamiza dashibodi mpaka jasho limtoke. Ila hata hapo kani zenyewe zipo. Iguse kamba ya punda uone ilivyokaza. Na kwenye swali lenu mliuliza kitabu, si kitabu pamoja na Dunia nzima.

Kosa hili limetoka wapi? Nadhani ni neno. Vitabu vimeiita kani ya meza "nomal riakisheni", mwanafunzi akasikia "riakisheni", akaiunganisha na sheria ya tatu, na yule mwanafunzi leo ndiye anayetunga mtihani. Au labda mwongozo unanakiliwa tu mwaka hadi mwaka, tarehe ndiyo inabadilishwa. Mimi sijui, ila mwaka huu hata kosa la tahajia la mwaka juzi limo.

Nimetumia nauli ya bodaboda mara tatu kuja ofisini kwako. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye semina, mara ya pili kwenye semina, mara ya tatu mlinzi alinifahamu kwa jina. Nilitaka kuomba mengi: semina kwa watunga mitihani, mizani za maabara, mwalimu wa pili wa fizikia. Hayo nayaacha. Naomba mstari mmoja. Futeni "hufutana", andikeni kwamba kani ya meza na uzito hulingana kwa sababu kitabu kimetulia, na kwamba mwenza wa uzito ni mvuto wa kitabu kwa Dunia. Kisha mrudishieni binti alama zake 4. Mstari mmoja, Ndugu Mwenyekiti. Na alama 4.

Nilimwambia asubiri. Jana kanijia tena kuniuliza kama kwenye mtihani wa taifa aandike jibu la kweli au jibu la mwongozo. Ningekuwa na namba yako ya simu inayopokelewa, ningempa akuulize mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia, kidato cha tatu

Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi ya walimu
Nakala: Mlinzi wa getini kwako, ambaye angalau husoma