Mkopo Uliotolewa Tarehe 31: Rejesho la Februari Linaangukia Siku Gani?

Katika ofisi yetu hapa Kigoma mjini, swali hili hurudi kila mwaka mwezi wa Februari, na huulizwa zaidi na wateja waliochukua fedha siku ya mwisho ya Januari. Tumeona afadhali tulijibu kwa kutumia mkopo mmoja ambao sisi wenyewe tuliukosea hesabu.

Mteja wetu, mama anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi na kuwasafirisha kwa treni hadi Tabora, alikopeshwa shilingi 1,200,000 tarehe 31 Januari 2024, azirejeshe kwa miezi sita. Mkataba ulisema kwamba rejesho litalipwa kila tarehe 31, na kwa mwezi usio na tarehe hiyo, litalipwa siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa kuwa mwaka 2024 Februari ilikuwa na siku 29, rejesho la kwanza lilikuwa tarehe 29 Februari, na alilipa siku hiyo hiyo bila tatizo.

Kosa lilijitokeza katika rejesho la pili. Aliyeandaa ratiba alikuwa amehesabu kila tarehe kutoka kwenye ile iliyoitangulia: mwezi mmoja baada ya 29 Februari ni 29 Machi, kisha 29 Aprili, na kuendelea hivyo hadi 29 Julai. Februari ilikuwa imeikata tarehe 31 ikawa 29, na miezi iliyofuata ikairithi hiyo 29, ingawa Machi, Mei na Julai zote zina siku 31. Hesabu sahihi huanzia kila mara kwenye tarehe ya mkopo kutolewa: mwezi mmoja baada ya 31 Januari ni 29 Februari, miezi miwili baada ya 31 Januari ni 31 Machi, miezi mitatu ni 30 Aprili, halafu 31 Mei, 30 Juni na 31 Julai. Kwa wanaotunza ratiba zao kwenye Ekseli, tofauti iko katika kisanduku ambacho fomula inakirejea. Ikiwa tarehe ya mkopo iko A2, rejesho la pili huandikwa hivi:

```
=EDATE($A$2,2)
```

Ukiandika `=EDATE(A3,1)`, ambapo A3 ni tarehe ya rejesho la kwanza, utapata 29 Machi kama tulivyoipata sisi.

Tarehe 29 Machi mwaka huo ilikuwa Ijumaa Kuu, na tarehe 31 ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Mama alikuja Jumanne, tarehe 2 Aprili, baada ya Jumatatu ya Pasaka, akiwa na fedha kamili mkononi, lakini ratiba ikamhesabia siku nne za kuchelewa pamoja na faini. Kwa mujibu wa mkataba hakuwa amechelewa hata siku moja, kwa sababu siku ya kulipa ikiangukia Jumapili au sikukuu, husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Faini ilifutwa na ratiba ikachapishwa upya. Ieleweke pia kwamba kusogea huko ni kwa rejesho hilo moja tu. La Aprili lilibaki tarehe 30, halikuhamia tarehe 2 Mei.

Upande wa riba, urefu wa mwezi una maana pale tu riba inapohesabiwa kwa siku. Mkopo huu ulikuwa wa asilimia 3 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, hivyo riba ya Februari ilikuwa shilingi 36,000, na ingekuwa hiyo hiyo hata kama mwezi ungekuwa na siku 31. Kwa mkataba wa asilimia 36 kwa mwaka, unaogawanywa kwa siku 365, siku 29 kutoka 31 Januari hadi 29 Februari zingezaa takriban shilingi 34,323. Kwa hiyo soma kama mkataba wako unasema “kwa mwezi” au “kwa siku” kabla ya kulinganisha rejesho la mwezi huu na la mwezi uliopita.

Mkopo wa tarehe 30 Aprili una utata wake. Tarehe hiyo ni ya 30 na ni mwisho wa mwezi pia, kwa hiyo rejesho la Mei laweza kuwa tarehe 30 au 31, kulingana na maneno ya mkataba. Sisi huandika tarehe 30, isipokuwa mteja ameomba “mwisho wa mwezi” kwa maandishi.

Wateja wa dagaa wana shida nyingine ambayo kalenda haiitatui: wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, na giza halifuati tarehe za kalenda. Kwao tunapendekeza kuchagua siku ya kulipa kabla ya kusaini, iwe kati ya tarehe 1 na 28, kwa kuwa siku hizo zimo katika kila mwezi.