Barua kwa Rehema kuhusu rifampisini

Rehema mpenzi,

Barua yako nimeipata jana jioni na nimeisoma mara mbili. Umeniuliza juu ya mgonjwa wako mwenye miaka 29: VVU amevidhibiti kwa TLD, kifafa kimetulia kwa lamotrijini miligramu 100 asubuhi na 100 usiku, ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, na sasa amekutwa na kifua kikuu. Unasema dawa za TB zenyewe hazikutishi. Kinachokusumbua ni hizo nyingine tatu, na kweli hapo ndipo penye kazi.

Kati ya dawa hizo za TB, rifampisini hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa. Haitokei siku moja. Nguvu hiyo hupanda polepole na hufika kileleni baada ya wiki moja hadi mbili, na mgonjwa akiacha rifampisini, huchukua wiki mbili hivi kushuka. Shika hayo mawili, kupanda na kushuka, maana karibu kila kosa nililoliona limetokea kwenye moja ya vipindi hivyo.

Tuanze na TLD. Tenofoviri na lamivudini ziache zilivyo. Anayeumia ni dolutegraviri: kiasi kinachobaki kwenye damu kabla ya kidonge kinachofuata hupungua kwa takriban asilimia 70. Kwa hiyo aendelee na TLD yake, kisha aongezewe dolutegraviri peke yake, miligramu 50, saa 12 baadaye, tangu siku ya kwanza ya rifampisini. Mwandikie saa kwenye kadi. Wengi hukosea kwa kumeza vyote viwili asubuhi wakidhani ni kitu kilekile, na hapo saa za usiku zinabaki bila kinga ya kutosha. Wingi wa virusi ukianza kupanda katikati ya matibabu, uliza kwanza kuhusu hicho kidonge cha pili kabla hujafikiria usugu.

Kijiti ndicho kinachosahaulika. Homoni yake ni kidogo na hutoka kwa kasi ileile siku zote, nawe huwezi kuiongezea dozi. Usimhamishie kwenye vidonge vya uzazi wa mpango: rifampisini huvivunja navyo, na estrojeni iliyomo hupunguza lamotrijini, kwa hiyo utakuwa umemletea tatizo juu ya tatizo. Mimi ningemshauri kitanzi cha shaba, ambacho hakitumii homoni kabisa. Asipokipenda, sindano ya miezi mitatu ina dozi kubwa kiasi cha kuhimili, na wapo wanaoirudia wiki ya 8 au ya 10 badala ya 12. Akitaka kijiti kibaki mkononi, kibaki, lakini atumie kondomu muda wote wa rifampisini na wiki nne baada ya kumaliza. Asipoambiwa wiki hizo nne, ataziacha siku ya kidonge cha mwisho.

Sasa lamotrijini, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi na mgonjwa mmoja zamani. Rifampisini hupunguza kiasi chake kwenye damu karibu nusu. Mwambie ndugu anayekaa naye aandike kila mtikisiko, hata ule mdogo wa kukodoa macho, hasa kuanzia wiki ya kwanza. Usipandishe dozi maradufu kwa siku moja, kwani lamotrijini ikipandishwa haraka inaweza kuleta upele mbaya wa kuchubua ngozi. Zungumza na daktari anayemtibu kifafa, mpande hatua kwa hatua kila wiki, mkiangalia mitikisiko, na kipimo cha damu kama maabara inakifanya. Anaweza kufika 200 asubuhi na 200 usiku. Usishawishike kumbadilishia karbamazepini au fenitoini: zote mbili hulichochea ini vilevile, na dolutegraviri itapata pigo jingine.

Yule mgonjwa wangu tulimpandisha vizuri, kisha matibabu ya miezi sita yalipoisha kila mtu akafurahi na hakuna aliyegusa dozi. Wiki ya tatu akaja anayumba, anaona vitu viwiliviwili, anatapika. Mmoja wetu akadhani ni kifafa kimerudi na akataka kuongeza dawa! Ilikuwa ni dawa ileile, iliyobaki kubwa huku ini limerudi kwenye kasi yake. Kwa wako, akifika 400 kwa siku, panga mapema: wiki ya kwanza baada ya rifampisini abaki nayo, ya pili ashuke hadi 300, ya tatu arudi 200. Dolutegraviri ya ziada aendelee nayo wiki mbili kisha aache, abaki na TLD.

Andika tarehe hizo zote kwenye faili leo, siku anapoanza, kwa sababu miezi sita ijayo huenda zamu ikawa ya mwingine. Niandikie akifika wiki ya pili, nijue mitikisiko imekaaje.

Wako,
Zuhura