Kwa Gavana wa Benki Kuu: mkopo wa alizeti usipimwe mwezi Juni

Mheshimiwa Gavana,

Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mwaka juzi benki iliniandikia kwamba nimekiuka mkataba wa mkopo. Nilidhani wamekosea mteja, maana sikuwa nimechelewesha rejesho hata moja.

Kumbe kulikuwa na sharti nililolisaini bila kulipigia hesabu. Kila tarehe 30 Juni, mali zangu za muda mfupi (fedha, mzigo ulioko stoo na ninaowadai) ziwe angalau mara 1.5 ya madeni ya kulipwa ndani ya mwaka. Machi nilikuwa na mali za milioni 160 na madeni ya milioni 80, yaani mara 2. Msimu ulipofunguka nikachukua ovadrafti ya milioni 200, yote ikaishia kwenye mbegu. Mali zikafika milioni 360, madeni milioni 280. Gawanya: 1.29. Sikupata hasara ya hata shilingi, ila nimeshafeli. Ukiwa juu ya 1, kila shilingi unayokopa kununulia mzigo inaushusha uwiano huo, na Juni ndipo magunia yanapoingia.

Mkataba uliipa benki haki ya kudai mkopo wote siku hiyo hiyo. Nashukuru haikufika huko, lakini ilipandisha riba na kuifunga ovadrafti.

Baadaye mhasibu alinionyesha kwamba ningeuza mafuta na mashudu ya milioni 120 na kupunguza deni kabla ya tarehe 30, ningebaki na 240 kwa 160, yaani 1.5 kamili. Ni kweli, ila Juni kila mtu anakamua na bei iko chini. Dawa yenyewe ilikuwa kabla ya kusaini: kuomba kipimo kifanyike Februari, mzigo ukiwa umeuzwa. Au Mei, nilipoona hesabu inaelekea wapi, kuiandikia benki inisamehe sharti la Juni hiyo, na inijibu kwa maandishi. Afisa mikopo wangu aliniambia kwa mdomo nisiwe na wasiwasi, akahamishwa kituo.

Masharti mengine, kama kupeleka hesabu kwa wakati, kulipia bima na kutokopa kwingine bila kibali, huvunjwa kwa kusahau tu. Nimeyabandika ukutani na tarehe zake.

Ombi langu ni hili: ziagize benki ziambatanishe na kila mkataba ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja kila kipimo, tarehe yake, na mfano uliokokotolewa kwa takwimu za mkopaji mwenyewe wakati stoo imejaa. Na akishindwa kipimo huku marejesho yako sawa, apewe siku 30 za kurekebisha kabla riba haijaguswa.

Wako mtiifu,
Mkamuaji wa alizeti, Kibaigwa