Wito wa Harambee: Tuokoe Chumba cha Darasa la Zamani na Madaftari Yake

Ndugu wanaparokia, ndugu zetu Waislamu mliosoma au ambao wazee wenu walisoma katika shule hii, na watoto wa Masasi mnaoishi Mtwara, Lindi, Dar es Salaam na kwingineko, tunawasalimu kwa heshima.

Katika kikao cha wazee na vijana kilichofanyika baada ya mavuno ya ufuta, kijana mmoja alisimama akauliza kama shule ya misheni ilituelimisha, au ilitunyang'anya jando letu na kutupa kitabu badala yake. Wazee walinyamaza kwa muda. Kisha babu mmoja akasema kwamba jibu limo katika kile chumba chenye bati lililotoboka, ndani ya madaftari ya mahudhurio yanayoliwa na mchwa. Kamati inawaandikia kwa sababu ya jibu hilo.

Mengi ya historia ya misheni hapa mnayafahamu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoka Unguja akapitia Lindi, akiongozana na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, na nia yao ilikuwa kurudi kuelekea Nyasa walikotekwa wengi wao. Wakakomea Masasi. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza wa hapa walikuwa watu waliotenganishwa na koo zao, wasio na mwenye, yaani mkuu wa kijiji, wa kuwasimamia wala kumbi la jando la kuwapeleka watoto wao. Lugha waliyokuja nayo ya sala na kusoma ilikuwa Kiswahili cha Unguja, nacho ndicho kilichofundishwa kwa watoto wa Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera walipoanza kuja darasani.

Walipokuja hao ndipo suala la jando lilipoibuka. Mwanafunzi asiyetahiriwa, hata akijua kusoma na kuandika, alihesabiwa kuwa mtoto: hakukaa barazani na watu wazima, wala hakuna aliyemwoza binti yake. Mwalimu aliyekatazwa kumpeleka mwanawe jandoni alikuwa anaambiwa amlee mtu asiyekamilika. Jando nalo lilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, wavulana wakikaa kumbini kwa wiki nyingi, na shule ikibaki na madawati matupu.

Moja ya madaftari yetu linaonyesha jambo hili waziwazi. Ni la darasa moja la wavulana, limeandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Kuanzia Julai alama za mahudhurio zinakoma kwa majina kumi na moja, na mwalimu amepiga mstari mmoja mrefu unaovuka kurasa mbili, juu yake akaandika neno moja tu: «jandoni». Hakuandika kwamba ni watoro. Katika majina hayo kumi na moja wamo akina Hamisi na Saidi pamoja na akina Petro na Yohana.

Wamisionari hawakuwa na msimamo mmoja. Wabenediktini wa Ndanda na vituo vyao walikataza desturi hizi kwa miaka mingi ya mwanzo, na waumini wengi wakaendelea kuzifuata kwa siri kisha wakaja kuungama. Upande wa Masasi, Padre Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alichukua njia nyingine. Pamoja na mapadre na walimu wazaliwa wa hapa, ambao ndio walioujua mwiko na sababu ya kila tendo, walilitengeneza jando la Kikristo. Kumbi lilibaki, na wari waliendelea kulala humo na kufundishwa adabu na uvumilivu. Mahali ulipotolewa unga kwa mizimu penye mti, pakasimamishwa msalaba. Maombi kwa wahenga yakawa Misa ya kuwaombea marehemu. Nyimbo zenye matusi zikaondolewa. Na kidonda kikahudumiwa kwa dawa za zahanati. Siku ya kutoka, wari waliingia kanisani wakiwa na nguo mpya.

Kamati yetu inaona kwamba hatua hiyo ilikuwa ya busara kuliko katazo, lakini si haki kuficha gharama yake. Zamani jando lilikuwa la kijiji kizima chini ya mwenye, na watoto waliotahiriwa msimu mmoja walikuwa ndugu maisha yao yote. Padre alipokuwa na kumbi lake na mwalimu wa Kurani akawa na lake, udugu ule uligawanyika kwa dini, na mamlaka ya kumtangaza mtu kuwa mtu mzima yakahama kutoka kwa mwenye kwenda kwa padre. Katika daftari letu la baadaye mstari wa «jandoni» unawapitia akina Petro na Yohana peke yao. Hamisi na Saidi wana mstari wao, wa tarehe nyingine. Tunaamini ukurasa huo unamjibu kijana wetu kuliko hotuba yoyote.

Kwa wasichana mambo yalikwenda vibaya zaidi. Unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na misheni ilipojaribu kuusimamia, wanawake hao walijiona wamepokonywa kazi yao. Jaribio hilo halikupata mafanikio ya jando. Madaftari ya wasichana tuliyo nayo ni mawili tu, na hayo ndiyo yaliyoharibika zaidi.

Tunachoomba ni hiki. Chumba kinahitaji bati 50 za geji 28, papi zilizotiwa dawa ya mchwa, misumari na fundi, jumla shilingi 3,400,000. Makasha manne ya bati na rafu za chuma zisizogusa ukuta ni shilingi 900,000. Kupiga picha kila ukurasa kabla madaftari hayajaguswa zaidi, pamoja na diski mbili za kuhifadhia, ni shilingi 700,000. Jumla yote ni shilingi 5,000,000, na hadi sasa tumepokea shilingi 1,350,000. Zimebaki shilingi 3,650,000.

Tunaanza na picha, si na bati, kwa sababu mchwa hula kutoka ndani: jalada huonekana zima, ukiligonga kwa kidole husikia mvumo wa uwazi, na ukilifungua kurasa zimekwisha kuwa vumbi. Madaftari matatu tumeyapoteza hivyo. Tunawasihi pia wenye madaftari au vyeti vya zamani majumbani wasivitie plastiki ya moto wala kuvigundisha kwa gundi ya karatasi, kwani mvuke hubaki ndani na wino huenea.

Mkulima anaweza kutoa kilo za korosho baada ya mnada wa kwanza, na chama cha msingi kitaandika jina lake kwenye orodha ya kamati. Anayetoa fedha taslimu atamkabidhi mhazini na kudai stakabadhi yenye muhuri papo hapo. Wazee waliopitia kumbi la Kikristo, na kina mama waliofunzwa unyago wa aina yoyote, tunawaomba watupe saa moja ya masimulizi. Kijana yule aliyeuliza swali amejitolea kuyaandika. Harambee itafanyika Jumapili ya pili ya Novemba, saa nane mchana, mbele ya chumba chenyewe, na madaftari yatawekwa mezani ili kila mmoja atafute jina la babu yake.