Kupe kwa Paka: Kwa Nini Wakati Mwingine Tunadai Pesa ya Kupima Damu

Lalamiko ni lile lile kila msimu wa mvua: "Nimeleta paka atolewe kupe, ninyi mnaniandikia kipimo cha damu!" Juzi mama mmoja aliondoka hapa kliniki Bombo akisema tumemwibia. Tumeona bora tueleze wazi, maana kutoa kupe kwenyewe tunatoza kidogo sana, na wengi wenu mnaweza kufanya nyumbani bila kutulipa chochote.

Chukua kibano chenye ncha nyembamba. Mtu wa pili amfunge paka kwa taulo, wewe tenganisha manyoya hadi uone ngozi. Mshike kupe pale mdomo wake unapoingia ndani ya ngozi, usimbane tumbo. Vuta juu moja kwa moja, polepole, kwa nguvu ileile, bila kuzungusha wala kunyakua. Ngozi itainuka kidogo. Endelea tu mpaka aachie. Mtie kwenye chupa yenye spiriti, wala usimpasue kwa kucha, kisha osha kidonda kwa sabuni. Kipande cha mdomo kikibaki, usichimbe kwa sindano. Mara nyingi mwili hukitoa wenyewe, na kinachochimbwa ndicho tunachokuja kutibu usaha. Angalia pia ndani ya masikio, chini ya kidevu, kwapani na katikati ya vidole.

Mafuta ya taa, vaselini na njiti ya kiberiti, hapana. Kupe akisumbuliwa akiwa bado ameng'ata anaweza kutema mate zaidi ndani ya paka, na magonjwa husafiri kwenye mate hayo.

Lakini njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Huku kwetu kila duka la mifugo linayo, na mtu huona kijiko kimoja kwenye beseni ni rahisi kuliko dawa ya paka. Hajati mmoja alimwogesha paka wake mweupe jioni. Usiku akaletwa kwa boda akitokwa mate, masikio yanachezacheza, mwili mzima unatetemeka. Ilikuwa dawa ya sipamethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo kama la ng'ombe au mbwa, na paka hujilamba, hivyo anaimeza pia. Dawa ya amitrazi nayo humlegeza, moyo ukapiga polepole na mwili ukapoa. Paka wa hajati tulimwogesha upya kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, tukampa dawa ya kuzuia degedege na dripu. Alipona, ila gharama yake ingenunua dawa ya paka ya miezi mingi.

Sasa damu. Mzee mmoja alimleta dume lake akisema "amekuwa mpole tu siku hizi." Tuliinua mdomo wa juu: fizi nyeupe kama karatasi. Tulitoboa ncha ya sikio, tukapaka tone kwenye kioo, tukatia rangi ya Gimsa na kutazama kwenye hadubini. Ndani ya chembe nyekundu kulikuwa na babesia, vimelea vidogo mno vinavyoletwa na kupe. Kiasi cha chembe nyekundu kilikuwa asilimia 13 ya damu yake, wakati paka mzima huwa na kama 30 hadi 45. Tayari alikuwa amechomwa sindano ya homa ya kupe ya ng'ombe na mtu wa mtaani, isimsaidie kitu.

Babesia ya paka hudanganya. Mara nyingi hakuna joto la mwili, na damu hupungua taratibu hadi paka anazoea kuishi na kidogo. Mwenyewe huona usingizi tu, chakula kinabaki, labda macho yana manjano. Dawa tuliyompa, primakwini, ni ya ukoo wa dawa za malaria. Nafasi kati ya dozi inayotibu na inayoua paka ni nyembamba, ndiyo maana tulimpima uzito kwanza na hatukumpa mzee vidonge aende navyo. Baada ya wiki kadhaa tulipima damu tena, kwa sababu vimelea hivi hurudi. Hiyo ndiyo pesa mnayoiona kwenye risiti.

Hatupimi kila paka. Kupe mmoja, paka anakula, fizi za waridi: tunatoa kupe na kukuambia uziangalie fizi kila siku chache kwa mwezi mzima. Zikififia, mlete siku hiyohiyo, pamoja na chupa ya kupe kama bado unayo.

Na dawa ya matone ya fipronil iliyoandikwa ya paka, kwa uzito wake, tunaiweka shingoni nyuma asipofika kujilamba. Kupe anaweza kuonekana bado ameng'ata hadi siku mbili baadaye kabla ya kufa. Hiyo haina maana dawa ni feki, kwa hiyo msirudi kutudai pesa siku ya kwanza.