Mnyama Atokaye Baharini

Ndugu yangu mpendwa Yoeli,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Barua yako nimeipokea, na swali lako limenikaa moyoni: imekuwaje wahubiri wawili, wote wacha Mungu, waisome sura ileile ya 13 ya Ufunuo wa Yohana, mmoja aseme kwamba mnyama atokaye baharini alikwisha kupita zamani, na mwingine aseme kwamba bado hajatokea? Nitakujibu kwa kumfuata mnyama huyo peke yake, kwa maana anatosha kutuonyesha mahali ambapo wasomaji huachana.

Fungua kwanza Danieli 7, kwa sababu Yohana hakumchora mnyama wake bila kuangalia nyuma. Danieli aliona wanyama wanne: simba, dubu, chui, na wa nne wa kutisha mwenye pembe kumi. Yohana anaona mmoja tu, lakini mmoja huyo ana umbo la chui, miguu ya dubu, kinywa cha simba na pembe kumi. Hata vile vichwa saba vinapatikana humo humo, kwa kuwa chui wa Danieli alikuwa na vichwa vinne, na ukivijumlisha na vya wenzake watatu hesabu inatimia. Danieli aliambiwa waziwazi kwamba wanyama wale ni wafalme na falme zao. Kwa hiyo wasomaji wengi hukubaliana kwamba mnyama wa Yohana ni utawala unaojitwalia heshima ya Mungu na kuwatesa watakatifu. Wanachogombania ni utawala upi, na wa wakati gani.

Sura ya 17 inaonekana kutusaidia, kwa kuwa malaika anaeleza kwamba vichwa saba ni milima saba, na pia wafalme saba: watano wamekwisha kuanguka, mmoja yupo, na mwingine hajaja bado. Mji uliojulikana kwa vilima saba ulikuwa Rumi, na wanaoamini kwamba kitabu kinazungumza na makanisa ya karne ya kwanza huanzia hapo. Lakini wahesabu watawala wa Rumi kuanzia nani? Ukianza na Yulio Kaisari, wa sita ni Nero, na maono yanakuwa ya kabla ya mwaka 68, alipokufa. Ukianza na Augusto, wa sita ni Galba, aliyetawala miezi michache tu. Na ukiwaruka watatu waliopita haraka baada ya Nero, unafika kwa Vespasiano. Irenayo, aliyeandika karibu mwaka 180, alisema kwamba maono hayo yalionekana mwishoni mwa utawala wa Domitiano, yaani miaka ya 90, na ushuhuda wake ndio unaowafanya wengi wasimkubali Nero kuwa yule “aliyepo”. Mimi naona ushuhuda huo una uzito, ingawa haumwondoi Nero katika picha, kwa kuwa mwandishi anaweza kumkumbuka mtesi wa zamani anapoonya juu ya mwingine.

Kisha kuna ile miezi 42 ambayo mnyama alipewa, na hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa zaidi. Anayesoma mambo ya karne ya kwanza huilinganisha na muda wa tangu Nero alipoanza kuwatesa Wakristo mwaka 64 hadi kifo chake, takriban miaka mitatu na nusu. Anayetazamia mambo yajayo huichukua kama ilivyo, miaka mitatu na nusu ya dhiki kabla ya kurudi kwa Kristo. Wengine, wakifuata Ezekieli 4:6, huhesabu kila siku kuwa mwaka, na siku 1260 za miezi hiyo 42 zikawa miaka 1260. Ndivyo Waadventista walivyoipanga tangu mwaka 538 hadi 1798, majeshi ya Ufaransa yalipomkamata Papa Pio wa Sita. Warekebishaji wa karne ya 16, Luther akiwa mmojawao, walikuwa tayari wameuona upapa katika maono haya, na Wakatoliki hawakuweza kukubali. Wako pia wasiotafuta tarehe yoyote: kwao miaka mitatu na nusu ni nusu ya saba, muda ambao Mungu ameukatia mpaka, na mnyama huonekana tena kila utawala unapodai kuabudiwa.

Ukiona hivyo, utaelewa kwamba wahubiri wako waliachana kabla hawajaifikia sura ya 13. Mmoja amelishika lile neno la mwanzo wa kitabu kwamba mambo haya yatakuwa upesi, na akawaweka mbele makanisa saba ya Asia yaliyoandikiwa. Mwingine ametazama mwisho wa kitabu, ambako hukumu na mbingu mpya bado hazijafika, akaivuta sura ya 13 kuelekea huko. Mimi naegemea upande wa yule wa kwanza, kwa kuwa siwezi kuamini kwamba Wakristo wa Smirna na Pergamo waliandikiwa juu ya mnyama asiyewahusu, lakini sioni kwamba kumtambua Rumi kunamaliza maana ya mnyama huyo.

Soma Danieli 7 na Ufunuo 17 pamoja, kisha uniandikie unaanza kuhesabu wale wafalme kutoka kwa nani, na kwa sababu gani.

Ndugu yako katika Kristo,
Samweli